Goti la mwenzako si habari yako

Klabu inapoandika mwongozo wa nini wachezaji wake vijana waposti mitandaoni, maswali magumu ni matatu: majeraha, wapinzani na refa. Tuchukue mechi ya vijana wa chini ya miaka 17. Winga anapokea mpira, anageuka ghafla, goti linapinda na anaanguka akipiga kelele. Kabla hajafikishwa benchi, kipa wa akiba ameshaweka picha kwenye status: "Pole sana mdogo wangu, ACL imeondoka, msimu umekwisha."

Nia yake ni njema kabisa, ila hicho alichokitangaza hata daktari bado hakijui. Goti likishavimba na misuli ikikaza kwa maumivu, kulikagua kwa mikono siku ileile hakutoi jibu la uhakika. Mara nyingi mgonjwa huambiwa arudi baada ya siku kadhaa uvimbe ukipungua, au hupelekwa kupigwa MRI. Huenda ikawa kweli ACL, kano ya ndani ya goti, imekatika, na hapo tunazungumzia miezi tisa au zaidi. Huenda pia kano ya pembeni imevutika tu, akarudi uwanjani baada ya wiki chache. Tatizo ni kwamba skauti aliyeiona ile status hataletewa majibu ya MRI. Atakachokumbuka ni kwamba yule dogo goti lake limekufa. Na mama mtu? Yeye kaletewa taarifa na jirani, tena pamoja na picha ya mwanawe akilia.

Ndiyo maana waandika miongozo wengi hukimbilia sentensi moja: mchezaji haruhusiwi kuposti lolote kuhusu majeraha. Naielewa hofu yao. Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, wachezaji wenzake wa Denmark walimzunguka kuwazuia watu na kamera wasimwone akihudumiwa. Kwenye uwanja wa vijana, kamera iko mfukoni mwa wale wale wanaotakiwa kumzunguka mwenzao.

Lakini sentensi hiyo moja ina hatari yake, na kwangu si ndogo. Mwanariadha wa Marekani Mary Cain alijiunga na kikosi cha Nike huko Oregon mwaka 2013, akiwa na miaka 17. Novemba 2019 alieleza hadharani kwamba alishinikizwa kupunguza uzito hadi hedhi ikakatika, na kwamba alivunjika mifupa mitano. Kocha wake alikanusha. Yeyote unayemwamini kati yao, jiulize mwongozo wa "usiposti kuhusu majeraha" ungemsaidia nani. Kijana anayechezeshwa na sindano ya ganzi akikatazwa kusema, kocha mbovu amepata ngao iliyoandikwa na klabu yenyewe.

Kwa hiyo mstari ungechorwa kwa kuuliza mwili ni wa nani. Jeraha la mwenzako usiliguse: si picha, si jina la ugonjwa, si tarehe ya kurudi, mpaka yeye na mzazi wake waseme. Jeraha lako ni lako, ila jipe muda majibu yatoke na uzungumze na mzazi kwanza. Halafu mwongozo uandike waziwazi kwamba kulalamika kuhusu kuumizwa au kulazimishwa kucheza hakuadhibiwi, na umtaje mtu wa kumpelekea malalamiko ambaye si kocha. Kipengele hicho kikikosekana, mimi ningemshauri mzazi asisaini.

Kwa wapinzani sina maneno mengi. Mpira wetu umekulia kwenye utani, na kumzuia mtoto asitanie mabao 4-0 ni kupoteza wino. Tania matokeo, acha sura ya mtoto wa watu akilia.

Kwa refa hali ni tofauti. Januari 2011, baada ya Liverpool kufungwa 1-0 na Manchester United kwa penalti ya mapema kwenye Kombe la FA, Ryan Babel aliweka Twitter picha iliyochezewa ya refa Howard Webb akiwa na jezi ya United. Aliomba radhi, na bado FA ikamtoza pauni 10,000. Watetezi wa vijana husema kukosoa ni haki, na wana hoja: refa mbovu yupo. Ila angalia ushahidi wanaouposti. Ni klipu ya simu ya "siyo ofsaidi", iliyopigwa karibu na mstari wa katikati. Kama simu haiko sawasawa na beki wa pili kutoka mwisho, picha inapindisha umbali, na mshambuliaji aliyezidi hatua nzima anaweza kuonekana yuko nyuma. Msaidizi wa refa anakimbia sambamba na beki yule kwa sababu hiyo hiyo. Klipu kama hiyo meneja wa timu aiambatanishe na barua ya malalamiko kwa waandaaji, na aandike ilipigwa kutoka upande gani wa uwanja.