Koma ni dawa, ila haielezi ugonjwa

"Hizi sentensi za kupotosha, zinazomfanya msomaji aanze kuzielewa vibaya, si ni koma tu imesahaulika?"

Koma ikiwekwa hujikwai, kweli. Ndiyo maana watafiti huiondoa makusudi. Soma hii: Asha alipokuwa akisoma kitabu kilianguka. Ukifika "kitabu" tayari umekifanya kuwa ndicho anachosoma Asha, bila kusubiri sentensi iishe. Kisha inakuja ki- ya "kilianguka". Inadai kiima cha ngeli yake, na kilichopo ni kitabu hichohicho. Inabidi ukinyang'anye kitenzi cha kwanza ukipe cha pili. Watafiti Frazier na Rayner walilipima jambo hili mwaka 1982 kwa sentensi za Kiingereza: jicho hukawia mahali kama hapo, au hurudi nyuma. (Kwetu ngeli hufichua kosa mapema, mwanzoni kabisa mwa kitenzi.)

Ajabu zaidi ni masalia ya maana ya kwanza. Mwaka 2001 mtafiti Christianson na wenzake walitumia sentensi kama hii: Anna alipokuwa akivaa, mtoto alicheua kitandani. Kwa Kiingereza kitenzi cha kuvaa humaanisha pia kumvisha mtu, na koma hawakuweka. Walipouliza kama Anna alimvisha mtoto, wengi walijibu ndiyo, ingawa walijua vizuri nani alicheua. Muundo mpya umejengwa, maana ya zamani haijafutwa.