Neno la shukrani la mzazi lisiicheleweshe keki

Sherehe nyingi za kuzaliwa za watoto hapa Kigoma huharibikia sehemu ileile. Turubai limefungwa, pilau limeiva, watoto wamekaa mbele kwenye mkeka na nguo zao mpya, kisha mshereheshaji anamkaribisha mzazi "kwa neno fupi la shukrani". Mzazi anaanza na mwenyekiti wa mtaa, anaenda kwa majirani mmoja mmoja, anahamia historia ya ujauzito. Ikifika dakika ya tano mtoto wa kwanza anapasua puto, na hapo hotuba imekufa.

Naamini neno hilo lichukue dakika mbili, na lisemwe kabla ya mishumaa kuwashwa. Wengi huliweka mwisho, baada ya zawadi, kwa sababu shukrani ndivyo tulivyozoea kuzitoa. Lakini mwisho watoto wako mbali wanakimbizana, akina mama wanatafuta viatu vya watoto wao, na waliotoka Ujiji wanawaza usafiri wa kurudi. Keki ikiwa bado nzima mezani, macho yote yako sehemu moja. Huo ndio muda pekee ambapo mtoto wa miaka minne na babu wa miaka themanini wanasikiliza mtu mmoja. Ukiutumia dakika mbili wanakushukuru. Ukiutumia dakika sita unakuwa umewanyima keki.

Dakika mbili kwa mtu anayeongea taratibu ni maneno yasiyozidi mia mbili hivi, ukiacha nafasi ya kicheko. Hili hapa neno kamili, la mama ambaye mwanawe anatimiza miaka saba, nyumbani kwao Mwanga, hapahapa Kigoma. Nimeliandika hivyo ili tuweze kulichambua.

"Wazee wangu, shikamooni. Ndugu, majirani na marafiki, habari za jioni. Itifaki imezingatiwa, maana watoto wameshaanza kuikagua keki.

Na ninyi watoto wangu mliokaa mbele: shikamooni! Mbona kimya? Itikieni, leo ninyi ndio wakubwa.

Tumekutana kwa sababu mwanangu anatimiza miaka sabini. Siyo? Sabini! Haya, saba. Sabini ni ile ninayoisikia mimi mgongoni kila asubuhi nikiinama kumtafutia soksi ya pili.

Nawashukuru mama zangu mlioamka alfajiri kumenya vitunguu. Machozi yenu tutayala leo kwenye pilau. Nawashukuru vijana mliobeba viti. Namshukuru mwalimu wake, maana siku hizi nikimtuma dukani chenji anaihesabu kunishinda. Nawashukuru baba zetu wavuvi wa Kibirizi: mbalamwezi imewapa likizo, na likizo mmeileta kwetu. Na kama kuna aliyesaidia sijamtaja, aje aninong'oneze, kipande chake kitakuwa kikubwa.

Mama, mumeo huyu hapa, ameshakuwa mtu mzima. Mahari bado hatujaiona, na kula anakula kwangu.

Mwanangu, nawe nakushukuru. Kabla hujaja, mtaa huu ulikuwa unaniita kwa jina langu. Sasa wananiita kwa jina lako, na naitika haraka zaidi.

Nakuombea uishi kama meli yetu Liemba: hata mambo yakikuelemea, uinuliwe, upakwe rangi, uendelee kubeba watu. Watoto, Liemba inaliaje? Tutalia mara tatu, na mara ya tatu mishumaa inazimwa. Mwenye kiberiti aje. Moja!"

Tuanze na ile "shikamooni" ya watoto. Mtoto wa kwetu anafundishwa kuamkia wakubwa tangu hajaweza kutamka vizuri. Mtu mzima anapomwamkia yeye, dunia imepinduka, na kwa mtoto hakuna kitu cha kuchekesha kama dunia iliyopinduka bila mtu kuumia. Kwanza watakaa kimya wakitazamana. Kisha mmoja mwenye ujasiri atasema "marahaba" huku ameziba mdomo, na wengine watapiga kelele nyuma yake. Usiwahi kuendelea kabla ya kimya hicho kuvunjika. Lakini angalia mpangilio: wazee wameamkiwa kwanza, kwa heshima kamili. Ukianza na watoto, kuna mzee atakayeona umeigeuza salamu mchezo, naye atakuwa na haki. Na utani huu ni wa mara moja. Ukirudiwa unachosha.

"Sabini" inafanya kazi kwa njia nyingine. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili ametoka kusahihishwa wiki nzima. Ukimpa nafasi ya kumsahihisha mtu mzima mwenye maiki, ataitumia kwa sauti yote aliyonayo. Ndiyo maana kosa liwe la wazi kabisa. Ukisema "minane" badala ya saba, watanyamaza wakidhani umesahau kweli, na mwenye siku yake anaweza kununa. Halafu sentensi inayofuata, ya mgongo na soksi, si ya watoto kabisa. Watoto wanakuwa bado wanacheka "sabini" wakati wazazi wenzako wanacheka mgongo. Hivyo ndivyo unavyowachekesha wote kwa wakati mmoja: unajenga jambo moja, unawapa watoto mlango wa mbele na wakubwa mlango wa nyuma. Wanaotenga utani wa watoto peke yao, kisha wa wakubwa peke yao, huwapoteza watoto katikati na hawarudi.

Kwenye shukrani zenyewe, ushauri wangu ni mmoja na naushikilia: shukuru kazi, usishukuru orodha ya majina. Ukitaja majina kumi na mawili ukamsahau wa kumi na tatu, huyo ndiye atakayekumbuka sherehe yako kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekuazima sufuria kubwa. Ukisema "mlioamka alfajiri kumenya vitunguu", kila aliyemenya anajijua, na wengine wanageuka kuwatazama. Kazi moja ikitajwa kwa undani wake inatosha zaidi ya "nawashukuru wote kwa hali na mali". Vijana wa viti wamepata maneno machache tu, na ni sawa; wakitajwa kila mara mahali pamoja na chakula wanaona wamehesabiwa.

Ile ya mbalamwezi inaeleweka huku kwetu, na pengine popote mwambao wa Ziwa Tanganyika. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo mzazi mwenye kaka au shemeji wavuvi hupanga sherehe ya mtoto akitazama mwezi. Kuwashukuru kwa kutumia siku zao za kupumzika ni kuonyesha kwamba umelijua hilo. Kama uko Tabora, wala usiiguse ya ziwa. Shukuru mjomba aliyepita miombo kukuletea asali, au shangazi aliyefika na michembe. Utani wa kuazima hauchekeshi.

Sasa utani wa bibi. Hapa ndipo wengi huogopa, na ndipo penye kicheko kikubwa kuliko pote. Bibi na mjukuu ni watani kwa asili: anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", anamdai mahari, anamgombeza mama mtu kwa kumnyima "mumewe" chakula. Ukiusema mbele ya watu hujaleta jambo geni, umewapa wageni kile wanachokisikia uani kila siku. Lakini mlango huo ni wa bibi na babu, mashemeji na mabinamu. Hauhusu mkwe. Mama mkwe au baba mkwe anashukuriwa kwa adabu, kwa sentensi nzima iliyonyooka, na hapo unapita. Na kama bibi ana msiba au ameumwa, mwulize mchana. Akisema "niache leo", mwache.

Mtoto mwenyewe asitaniwe kwa lolote linalomwaibisha mbele ya rafiki zake. Kikojozi, mtihani alioshindwa, unene, woga wa giza, mdogo wake anayesoma kumzidi: vyote viachwe, hata kama nyumbani mnavicheka. Wakubwa watacheka dakika moja, na Jumatatu darasani wenzake watavitumia muhula mzima. Kipimo ninachokiamini ni kumsomea neno hilo usiku wa kuamkia sherehe. Akicheka na kuomba urudie, liko sawa. Akijifunika shuka usoni au akauliza "utasema hivyo kweli?", sentensi hiyo ifutwe hapohapo bila kumbishia. Utani wa zawadi nao uachwe, hasa ule wa "bahasha nyembamba". Kuna mama amekuja na daftari mbili na penseli, na hicho ndicho alichonacho.

Kuhusu Liemba, niliwahi kusikia mzee akisema si vema kumwombea mtoto kwa meli iliyowahi kuzama. Namwelewa. Ndiyo sababu neno "kuzama" halimo humo. Lakini wakubwa wanaijua habari: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kusafirisha abiria. Mtu mzima akisikia "uinuliwe, upakwe rangi" anamalizia mwenyewe kichwani. Mtoto hahitaji tarehe hizo. Yeye anataka kulia kama honi ya meli. Na honi ina kazi nyingine: inamtoa mzazi kwenye maiki. Hotuba nyingi hazina mwisho kwa sababu mzazi hajui ashukie wapi, basi anarudia "tena nawashukuru sana" mara nne. Ukimaliza kwa kuhesabu na watoto, huwezi kuendelea hata ukitaka, maana mishumaa inayeyuka.

Hilo la mishumaa lina upepo ndani yake. Jioni upepo wa ziwa huzima kiberiti mara tatu, na mama amesimama anasema "subirini kidogo" huku kila kitu kikipoa. Mweke mtu mmoja mwenye kiberiti upande ule upepo unakotoka, akae tayari tangu unaposhika maiki, aanze kuwasha ukitaja Liemba.

Umeme ukikatika, simama karibu na watoto na useme kwa sauti yako. Maneno mia mbili hayahitaji spika. Na babu akiomba kuongeza neno lake, apewe kwa heshima zote, baada ya keki kugawiwa, wakati watoto wana vipande mkononi.