Msiwashe mfumo hospitali nzima siku moja

Nimekasirika na sifichi. Hospitali moja hapa Kampala iliwakusanya wafanyakazi hotelini, ikawaonyesha mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa ukutani, kisha wiki kadhaa baadaye ikauwasha Jumatatu asubuhi, idara zote kwa mpigo. Jumatatu, siku ambayo foleni hufika getini! Nilikuwa kwenye foleni hiyo na mama yangu. Muuguzi wa makamo alikuwa akitafuta mahali pa kuandika presha, machozi yakimlenga, na hakuna wa kumwelekeza.

Mtu hujifunza mfumo kwenye meza yake, siku mbili tatu kabla ya kuutumia, akiwa na mwenzake anayeujua pembeni. Ya hotelini husahaulika.

Lakini linaloniuma zaidi ni namna watu wanavyouwasha mfumo kwa awamu. Wengi wakisikia awamu huanza na mapokezi peke yake. Matokeo yake mapokezi wanaandika kwenye kompyuta, daktari anasubiri karatasi, na kazi inafanywa mara mbili. Anzeni na njia nzima ya mgonjwa wa kliniki moja, tuseme ya watoto: mapokezi, daktari, maabara, dawa, malipo. Hapo ndipo makosa ya kweli hujitokeza yakiwa bado madogo.

Chukueni parasetamoli. Stoo imeingiza makopo 40, kila kopo vidonge 1,000. Mgonjwa anaandikiwa vidonge 18. Kama kipimo cha kutolea dawa hakikubadilishwa kuwa kidonge, mfumo unapunguza makopo 18. Wagonjwa wawili tu, yamebaki 4, na wa tatu anaambiwa dawa imekwisha ilhali rafu imejaa. Katika kliniki moja, mtoa dawa akihesabu dawa tano kila jioni na kulinganisha na kompyuta, analiona siku hiyohiyo. Hospitali nzima ikiwa imewashwa, nani atajua kosa lilianzia wapi?

Sasa akishaliona, amwambie nani? Kila meza iwe na daftari: tatizo, saa, jina la anayelishughulikia, na jibu. Kila asubuhi kabla ya foleni, wasimamizi na fundi wakae dakika kumi na watumiaji, wasome ya jana. Aliyelalamika aambiwe kilichofanyika, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Asipojibiwa ataacha kuandika, na daftari tupu wakubwa watalisoma kama mafanikio.

Nakubali, njia hii inachelewesha na wakufunzi watalipwa muda mrefu zaidi. Rejista ya karatasi nayo itaenda sambamba na kompyuta, jambo linalochosha, kwa hiyo liwekewe mwisho. Fomu za karatasi za siku ya umeme kukatika zibaki mezani daima.

Kliniki ya pili isifunguliwe kwa sababu tarehe ya mradi imefika. Ifunguliwe pale idadi ya wagonjwa kwenye rejista na kwenye kompyuta inapolingana wiki nzima, hesabu ya dawa inapokubaliana na rafu, na muuguzi wa zamu ya usiku anapoweza kumsajili mtoto mwenye degedege bila kumpigia fundi simu.