Mwalimu mmoja, mifuko mitatu

Mchukue mwalimu wa shule binafsi hapa Mbeya mjini. Mshahara wake ni shilingi 800,000, ana akiba ya muda maalumu benki, na jioni anakaa dukani kwake Mwanjelwa. Ni mtu yule yule na dhamiri ile ile, lakini kodi ya mifuko hiyo mitatu haifuati njia moja.

Kwenye mshahara, mwajiri anatoa kwanza asilimia 10 ya NSSF, yaani 80,000, zinabaki 720,000. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 inakatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zile 200,000 za juu zinakatwa asilimia 20, yaani 40,000. Jumla ni 60,000, na mwajiri anaziwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Riba nayo benki inaikata asilimia 10 kabla haijaingia kwenye akaunti. Katika yote hayo mwalimu hajaulizwa swali hata moja.

Dukani ndiko anakoulizwa, na jibu analo yeye peke yake. Tuseme kodi halali ya duka ni 720,000 kwa mwaka, sawasawa na PAYE yake ya miezi 12. Tuseme pia maduka 3 kati ya 100 hukaguliwa, na anayekamatwa hulipa kodi yenyewe pamoja na faini ya mara mbili yake, jumla 2,160,000. Ukizidisha kwa 3 kwa 100 unapata 64,800. Hiyo ndiyo hofu yake kwa fedha, dhidi ya 720,000 anazobaki nazo akinyamaza. Ili kwa faini hiyo hiyo kuficha kusimlipe, ingebidi kukagua duka 1 katika kila 3. Hakuna ofisi ya kodi yenye watumishi wa kutosha kwa kazi hiyo, iwe Mbeya au Iringa. Ndiyo maana sioni faida kubwa ya matangazo ya vitisho: mfanyabiashara anajua kupiga hesabu.

Denmaki walilipima jambo hili. Mwaka 2007 walichukua walipakodi zaidi ya 40,000, nusu yao wakakaguliwa bila kuambiwa mapema. Kwenye mapato yaliyoripotiwa na waajiri na benki, kilichofichwa hakikufika hata asilimia 1. Kwenye mapato ambayo mtu hujitangazia mwenyewe, kilichofichwa kilikuwa karibu asilimia 40. Baadaye baadhi yao walitumiwa barua kwamba wangekaguliwa. Barua ziliongeza kidogo yale ya kujitangazia. Kwa yale ya mwajiri na benki hazikubadili kitu, maana hapakuwa na cha kufichua.

Kwa nini mwajiri asishirikiane na mfanyakazi kudanganya? Kwanza, mshahara ni gharama yake: akiuandika pungufu, faida yake kwenye vitabu inapanda na kodi yake yeye inapanda. Pili, siri ya watu wengi haikai. Shule yenye walimu 40 ina mhasibu, ina aliyefukuzwa mwaka jana, na ina anayetaka michango yake ya NSSF isomeke sawa. Mwenye kibanda na kijana mmoja hana mashahidi hao, na hapo mfumo unalegea.

Unapolegea kuna dalili. Udanganyifu wa kawaida ni mshahara mdogo kwenye karatasi na uliobaki kwenye bahasha. Utakuta wafanyakazi wengi wameandikwa mshahara ambao NSSF ikitoka unabaki 270,000 kamili, pale pale kodi inapoanzia, hata msimamizi wao. Ukilinganisha orodha ya PAYE na ya NSSF, au na fedha zilizopita benki siku ya mshahara, tofauti inajitokeza bila mkaguzi kutoka ofisini. Lakini si kila tofauti ni wizi, maana TIN iliyokosewa tarakimu moja nayo huleta tofauti.

Duka je? Akiuzia hoteli, hoteli inadai risiti ya EFD ili iingize gharama zake, na hapo taarifa ya mtu wa tatu, asiye mwenye duka wala TRA, imepatikana. Mama anayenunua kilo mbili za mchele hana sababu ya kudai, na mnyororo unakatikia kwake.

Hata taarifa ya mauzo ikipatikana, inaona upande mmoja tu. Ekwado, kampuni zilipoandikiwa kwamba mauzo waliyotangaza hayalingani na taarifa za wengine, zilizorekebisha ziliongeza mauzo kweli. Ila kwa kila dola ya mauzo iliyoongezwa, ziliongeza na gharama za karibu senti 96. Mshahara wa mwalimu wetu hauna mlango huo, kwa sababu hana gharama za kujaza.