Kinachobanwa ni uwekezaji, na riba ndiyo mlango wake

"Serikali ikiongeza matumizi, si lazima uwekezaji wa watu binafsi upungue kiasi kilekile?"

Hapana, ndugu yangu. Chukua uchumi mdogo wa kwenye karatasi, bei hazibadiliki. Y ni pato na r ni riba. Mstari wa IS, yaani pato na riba vinavyosawazisha soko la bidhaa, ni Y = 2000 − 50r; wa LM, yaani vinavyosawazisha soko la fedha, ni Y = 1500 + 50r; na uwekezaji ni I = 200 − 10r. Mistari hiyo miwili inakutana riba ikiwa 5, pato 1750, uwekezaji 150.

Serikali iongeze 40. Kizidishi ni 5, yaani kila 1 ya matumizi mapya ingeongeza pato kwa 5 kama riba isingebadilika, kwa hiyo IS inasogea kulia kwa 200. Lakini pato likipanda, watu wanahitaji fedha zaidi mkononi, na fedha iliyopo ni ileile. Riba inapanda hadi 7. Uwekezaji unashuka hadi 130, pato linaishia 1850. Zimebanwa 20 tu, si 40 zote, ila nusu ya ongezeko la pato imepotea.

Sasa benki kuu iongeze fedha sambamba, riba ibaki 5. Pato linafika 1950 na uwekezaji haujaguswa. Ndivyo ilivyo pia LM ikiwa imelala kabisa, kama riba zinapokuwa karibu na sifuri. Kubanwa kote hutokea LM ikisimama wima tu.

Naomba sana waandishi wetu waanze kwa kuuliza: benki kuu inafanya nini? Bajeti peke yake haitoi jibu.