Utosi haumwi, mtoto kaishiwa maji

Jumatatu usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mbagala. "Dada, njoo umwone mtoto, utosi umeingia ndani." Nilipofika nilimkuta mwanawe wa miezi 5 amelala mapajani kwa bibi yake, na katikati ya kichwa pamepakwa unga mweusi uliokorogwa na mafuta ya nazi, umekauka mpaka unapasuka. Ile ilikuwa dawa ya utosi. Mtoto alikuwa na siku ya pili ya kuharisha na nepi yake ya mwisho yenye mkojo ilikuwa ya saa 7 mchana. Saa 3 usiku ilikuwa inagonga.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 huu nashughulika na watoto wa chini ya miaka mitano, na unga ule nimeshaufuta kwenye vichwa vingi mno. Ndiyo maana naandika nikiwa bado nina hasira.

Utosi ni pengo. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, na pale mbele inapokutana imeacha nafasi yenye umbo la kishada, upana wa vidole viwili hivi. Imefunikwa na utando mgumu na ngozi juu yake. Nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha mtoto kupita njia ya uzazi, kisha inauachia ubongo nafasi ya kukua. Wengi hufunga utosi kati ya miezi 9 na 18, na ule mdogo wa kisogoni hufunga mapema, kama miezi 2. Ukiuona unadundadunda usiogope, ni mapigo ya moyo yanaonekana pale kwa sababu hakuna mfupa wa kuyaficha.

Sasa, chini ya utando ule kuna ubongo unaoelea kwenye maji yake, na kuna mishipa iliyojaa damu. Mtoto akiharisha na kutapika, maji yanatoka mwilini kuliko yanayoingia. Damu inapungua ujazo, na yale ya kichwani nayo yanapungua. Utando hauna tena kinachousukuma kutoka chini, basi unabonyea. Kwa hiyo shimo unaloliona kichwani limeanzia tumboni. Ukipaka unga juu yake, ukafunga kitambaa, ukakanda kwa maji ya moto, humrudishii mtoto hata tone moja la yale aliyoyapoteza kwenye nepi. Na unga unaleta hasara nyingine ambayo watu hawaifikirii: unaziba mahali penyewe tunapotaka kupatazama. Nilianza kwa kupafuta kwa pamba na maji vuguvugu, na dakika zile zilikuwa za mtoto.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa bajaji. Kwenye mizani alikuwa kilo 6. Kadi yake ya kliniki ya wiki iliyotangulia ilisema kilo 6.5. Mtoto hakondi nusu kilo kwa wiki moja kwa kukosa unene tu, ile ni nusu lita ya maji iliyomtoka. Kwako na kwangu nusu lita ni jasho la kusimama kituo cha daladala mchana wa Januari. Kwake yeye ilikuwa karibu sehemu moja ya kumi na tatu ya uzito wake wote.

Tulimkagua akiwa amepakatwa wima na ametulia, maana utosi haupimwi mtoto akilia wala akiwa amelala chali. Kilio huupandisha na kulala huubadilisha. Ulikuwa umebonyea kweli. Lakini utosi peke yake hautoshi kuamua, na hili nawaomba mlishike, kwa sababu mtoto mzima akikaa wima utosi wake unaweza kubonyea kidogo bila ubaya wowote, na mwingine anaweza kuishiwa maji utosi ukaonekana wa kawaida. Tukatazama macho, yalikuwa yamezama, na mama yake alithibitisha kwamba siyo macho yake ya siku zote. Alilia bila machozi. Nikamfinya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, nikaiachia. Ilirudi polepole, ila haikufika sekunde 2. Alipoona kijiko alikikimbilia kwa mdomo kama mtu aliyefunga siku nzima.

Kiu ile ilinipa moyo. Mtoto aliyepungukiwa maji lakini ana nguvu za kunywa bado yuko upande ambao kijiko kinatosha. Angekuwa amelegea, haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, na ngozi ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, hapo hakuna kijiko tena, anatundikiwa dripu papo hapo.

Hesabu ya matibabu ni nyepesi. Kwa kila kilo moja ya mtoto, mililita 75 za maji ya ORS, zinyweshwe ndani ya saa 4. Kilo 6 mara 75 ni mililita 450. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, kwa hiyo vijiko 90, kimoja kila baada ya dakika mbili na nusu hivi. Ukimpa kikombe kwa pupa atatapika, utasema dawa imemkataa. Alitapika mara moja, tukasubiri dakika 10, tukaendelea taratibu zaidi. Kati ya kijiko na kijiko alinyonya, kwa sababu maziwa ya mama hayasimamishwi hata mara moja. Mdogo wangu alinywesha, mimi nilihesabu, bibi alishika kikombe.

Yote haya yalifanyika mbele ya mhudumu, na mtoto aliyefikia hali ile anatakiwa awe pale, asibaki nyumbani na hesabu zangu. Kazi ya nyumbani ni kabla ya hapo, tangu choo cha kwanza cha maji. Pakiti moja ya ORS inaingia kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usigawe pakiti nusu kwa kukisia, usiongeze sukari, usichanganye na soda wala juisi. Ukiweka maji kidogo mchanganyiko unakuwa mkali na unamdhuru. Mtoto wa chini ya miaka 2 anapewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na yakibaki mpaka saa 24 zipite yanamwagwa. Zinki nayo ianze: chini ya miezi 6 ni miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20 kilicholainishwa kwenye maziwa ya mama, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeharisha, mnyonyeshe na umpeleke hospitali, usikae naye kujaribu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba siku ya kwanza walikwenda duka la dawa. Waliuziwa chupa ya antibiotiki na dawa ya kufunga choo, ORS hawakutajiwa. Dawa za kufunga choo hazipewi mtoto mchanga, zinaweza kulaza utumbo na kumlewesha, na maji yanaendelea kupotea. Muuzaji alikuwa na pakiti zile nyuma yake kwenye rafu. Nilizikuta kesho yake nilipopita.

Kuhusu bibi, nitasema ukweli ingawa usiku ule sikuwa tayari kuusema. Yeye ndiye aliyegundua. Mama mtu alikuwa anahesabu vyoo, baba alikuwa kazini Kariakoo, bibi akapitisha kiganja kichwani akasema huyu mtoto hayuko sawa. Jicho lile la wazee wetu ni sahihi na ninalihitaji. Tungelitumia kama kengele tukakimbilia maji, tusingefika kwenye nusu kilo.

Sasa kuna kinyume chake, na huku hakuna kijiko cha nyumbani. Utosi uliovimba, mgumu ukiugusa, mtoto akiwa ametulia na amepakatwa wima, ni shinikizo ndani ya kichwa. Ukiambatana na homa, kukataa kunyonya, kutapika, kilio chembamba kisicho chake, usingizi usioamshika au degedege, fikiria homa ya uti wa mgongo na uondoke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na inabidi uamshe mtaa kutafuta usafiri. Naambiwa mara kwa mara "amepatwa na upepo, tumwachie mpaka asubuhi". Uti wa mgongo haungoji asubuhi. Aliyeanguka kichwa kisha utosi ukavimba, naye ni vivyo hivyo.

Ukivimba taratibu bila homa, kichwa kikizidi kukua wiki hadi wiki, mishipa ikatokeza kwenye ngozi na macho yakawa yanaelekea chini muda wote, hicho huwa ni kichwa maji. Ndiyo sababu naomba futi ya kupima mzunguko wa kichwa itumike kliniki kila inapowezekana. Watoto hawa wanatibiwa, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanawekewa mrija unaoyapeleka maji tumboni, lakini ubongo uliokandamizwa kwa miezi haurudi wote. Baada ya matone ya vitamini A utosi wa mtoto mmoja mmoja hupanda kidogo kwa siku moja au mbili ukashuka wenyewe. Akiwa na homa au amelegea usijifariji kwa matone.

Umbo la kichwa lisiwakoseshe usingizi sana. Kichwa kirefu baada ya uchungu mrefu hujirudi ndani ya siku na wiki chache, acheni kukikanda ili kiwe cha mviringo. Kilichobapa upande mmoja kwa kulala, mgeuzeni na mlazeni kifudifudi akiwa macho mnamtazama. Kinachohitaji daktari ni kichwa kinachozidi kupinda huku utosi umefunga mapema na mfupa umetuna kama ukingo.

Saa 7 na dakika 20 usiku, kijiko cha 80 na kitu, mtoto alikojoa. Mdogo wangu alipeleka nepi kwenye taa akaipima kwa mkono, akaanza kulia. Utosi ulikuwa bado chini kidogo, ila macho yalikuwa yamerudi mahali pake na alikuwa ananyonya kwa nguvu. Bibi hakusema kitu mpaka tuko kwenye bajaji ya kurudi. Halafu akauliza, "Mwanangu, ile pakiti, lita moja ndiyo chupa ipi?"

Nilichukua chupa kubwa ya maji iliyokuwa miguuni kwa dereva. Ilikuwa ya lita moja na nusu. Nikamwonyesha kwa kidole pa kuishia, theluthi mbili kutoka chini, naye akaomba kalamu apachore mstari.