Kimbunga changu cha Newala

Mwaka jana nilipewa kusimamia ujenzi wa ghala la korosho huku Newala, bajeti milioni 60, na mimi nikaona nisiende kikaoni mikono mitupu, nikachora mchoro wa tonado kwenye Ekseli. Nikawasha projekta, nikasema kwa mbwembwe "huu ni mchoro wa kimbunga", mzee mmoja wa mbele akasimama na fimbo yake, "Kinafika lini, Injinia?" Na sio kosa lake, kimbunga Kenneth cha 2019 kilitutisha sote Kusini.

Nikamwelewesha: unachukua kitu kimoja unachokihofia, unakishusha, unakipandisha, vingine hugusi, unaona jumla inaenda wapi. Kila kitu kinapata upau wake wa kulala, mrefu juu mfupi chini, ndo maana umbo linafanana na kimbunga. Akakaa.

Sasa mimi kwa uvivu kila kitu nilikipa asilimia 10 juu, 10 chini. Saruji ya milioni 20 ikatikisa jumla milioni 2 kila upande, ikakaa juu kabisa kama bwana harusi. Fuso za mchanga na kokoto, tripu 50 kwa laki na ishirini, milioni 6, zikatikisa laki sita tu, zikawa mkiani. Nikatangaza adui ni saruji, nikanunua mifuko 600 mapema bei isije ikapanda, nikajipongeza na soda.

Oktoba ikaingia, mnada wa korosho ukafunguliwa, na fuso zote za wilaya zikaota mabawa. Nampigia dereva ananicheka, "bosi, laki tatu tripu, na usubiri wiki mbili." Mchanga hakuna, tofali hazifyatuliwi, na mvua za Desemba zikanikuta, banda likavuja, saruji ikawa mawe.

Ndo nikakaa na madereva kwenye kijiwe chao, nikauliza: chini kabisa mnachukua ngapi, juu kabisa ngapi? Laki moja, laki tatu. Nikachora upya: fuso peke yake zinaipeleka jumla kutoka milioni 59 mpaka 69! Saruji kiwanda kipo Mtwara hapo, muuzaji akaniambia bei yake haichezi zaidi ya asilimia 4, upau wake ukawa kama kijiti cha meno. Yaani ile asilimia 10 yangu haikuwa inapima wasiwasi wowote, ilikuwa inaniambia tu kipi ni ghali, kitu ambacho hata risiti ingeniambia. Na hata mchoro mpya ulikuwa haujui kwamba mchanga ukichelewa saruji inaganda, maana unagusa kimoja kimoja, wakati hawa wawili ni kama mtu na shemeji yake.

Kikao kilichofuata tulikaa juu ya mifuko ileile, imara kuliko viti. Mzee akaigonga kwa fimbo.

"Injinia, huo mchanga nao ulikuwepo kwenye kile kimbunga chako?"

"Ulikuwepo mzee."

"Wapi?"

"Chini kabisa."